Somo: Kupanua na kulainisha ukingo wa maski ili sehemu iliyochorwa upya isiache mzingo

Ninaandika somo hili ili kila atakayeniuliza kwa nini kitu alichokiondoa kwenye picha kimeacha mstari mweupe uliokizunguka nimwelekeze hapa. Swali huwa ni lilelile, na jibu karibu kila mara ni lilelile: maski ilikuwa ndogo, kisha ikalainishwa bila kupanuliwa.

Mfano nitakaoutumia ni picha ya pikseli 1024 kwa 1024 ambayo ndani yake nguzo ya taa imesimama mbele ya anga lisilo na wingu. Anga nimelichagua makusudi, kwa kuwa rangi yake hubadilika polepole sana na haifichi kosa lolote. Anayeweza kuiondoa nguzo hiyo bila kuacha alama hatasumbuliwa sana na picha nyingine.

Hatua ya 1. Chora maski: nyeupe ni sehemu ya kuchorwa upya, nyeusi ni ya kubaki.

Hatua ya 2. Hakikisha maski ni nyeupe na nyeusi tupu, bila kijivu.

Hatua ya 3. Kuza picha hadi asilimia 300 na uuangalie ukingo wa nguzo. Utaona kwamba nguzo haiishii pale jicho lilipodhani. Kwanza kuna pikseli moja au mbili ambazo rangi ya nguzo na ya anga zimechanganyika. Baada ya hapo mara nyingi kuna uzi mwembamba uliong'aa kuliko anga, ambao uliwekwa na kamera yenyewe ilipokuwa ikinoa picha. Ikiwa faili ni JPEG, nje ya uzi huo kuna madoadoa hafifu, kwa sababu JPEG hubana picha kwa vipande vya pikseli 8 kwa 8, na kipande kilichoguswa na nguzo huweza kuchafuka chote. Hesabu pikseli kutoka ukingo wa maski hadi anga linapokuwa safi. Katika mfano huu nimepata 10. Namba hiyo nitaiita uchafu.

Hatua ya 4. Panua kwanza, kisha lainisha. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa hiyo tafadhali isome yote.

Ulainishaji wa kawaida, yaani ukungu wa Gauss, hausukumi ukingo kwenda nje. Huutandaza pande zote mbili kwa usawa. Maski iliyokuwa nyeupe kabisa hadi mwisho wa nguzo, ikishalainishwa, hubaki na asilimia 50 tu pale pale nguzo inapoishia. Maana yake ni kwamba mahali hapo nusu ya rangi itatoka kwenye picha mpya na nusu nyingine itatoka kwenye nguzo uliyotaka iondoke. Huo ndio mzingo. Haukuletwa na modeli. Ni mabaki ya picha ya zamani yaliyoruhusiwa kupita, na kadiri unavyoongeza ulaini kwa matumaini ya kuyafuta, ndivyo unavyoyaruhusu zaidi.

Dawa yake ni kuusogeza ukingo mbali kabla ya kuulainisha. Upana wa ukungu hupimwa kwa sigma. Ukiingia ndani ya maski umbali wa sigma mbili kutoka ukingoni, maski ina takriban asilimia 98, na kilichobaki hakionekani kwa macho. Kwa hiyo upanuzi unaofaa ni uchafu ukijumlishwa na sigma mbili. Kwa sigma ya 8, mfano wetu unahitaji 10 + 16, yaani pikseli 26.

Tahadhari mbili. Ukibadilisha sigma, upanuzi nao lazima ubadilike, kwa sababu namba hizi mbili haziachani. Na ukibadilisha ukubwa wa picha, pima upya. Pikseli 26 katika picha ya 1024 si sawa na pikseli 26 katika picha ya 4096.

Hatua ya 5. Tengeneza maski mbili. Maski ngumu ni ya kumpa mchoraji, yaani modeli. Maski laini ni ya kuunganishia picha baadaye. Stable Diffusion na jamaa zake haichori juu ya pikseli zako moja kwa moja. Huifanyia kazi picha iliyopunguzwa mara 8 kila upande, hivyo 1024 huwa 128, na kila chembe ya maski hubeba eneo la pikseli 8 kwa 8. Ulaini wa pikseli chache hauna maana yoyote huko, na programu nyingi huukata na kuugeuza kuwa nyeupe au nyeusi. Maski ngumu inapaswa kufika mbali kuliko mwisho wa ulaini, ili mshono wa modeli uangukie mahali ambapo maski laini imekaribia sifuri. Hapa ni 26 + 16, yaani 42, nami nimeisogeza hadi 48.

```python
import cv2

def panua(m, p):
    k = cv2.getStructuringElement(
        cv2.MORPH_ELLIPSE, (2*p + 1, 2*p + 1))
    return cv2.dilate(m, k)

m = cv2.imread("maski.png", cv2.IMREAD_GRAYSCALE)
_, m = cv2.threshold(m, 127, 255, cv2.THRESH_BINARY)
ngumu = panua(m, 48)
laini = cv2.GaussianBlur(panua(m, 26), (0, 0), 8)
```

Hatua ya 6. Chora upya kwa maski `ngumu`, kisha unganisha picha mpya na ya asili kwa maski `laini`:

```python
a = laini[..., None] / 255.0
matokeo = mpya * a + asili * (1 - a)
```

Usiihifadhi picha kama ilivyotoka kwenye modeli. Kule kubanwa na kufunguliwa hubadilisha kidogo hata maeneo ambayo maski ilikuwa nyeusi. Maandishi madogo na nyuso za mbali ndizo huumia kwanza.

Hatua ya 7. Kagua huku umeongeza kontrasti kupita kiasi. Mstari wenye umbo la nguzo unamaanisha upanuzi haukutosha. Mstari wenye umbo la maski unamaanisha rangi mpya na ya zamani hazilingani, hivyo ongeza sigma, na upanuzi pamoja nayo. Utepe uliolainika bila chembechembe za picha unamaanisha sigma imezidi.

---

Maswali ya wanachama

Mpitanjia: Nimefuata yote na bado mstari upo. Naomba msaada wa haraka.

Mwandishi: Una umbo la kitu au la maski? Sigma ni ngapi, na upanuzi ni ngapi?

Mpitanjia: Sigma 20, upanuzi 10.

Mwandishi: Basi hatua ya 4 hukuifuata. Sigma 20 mara mbili ni 40, kabla hujajumlisha uchafu.

Mwanagenzi: Shikamoo mwalimu. Kwenye anga nimefanikiwa kabisa. Nilipojaribu kuondoa jiwe kwenye nyasi kwa namba zilezile, sikuona mzingo, ila kuna utepe kama uliofutwafutwa kuzunguka lilipokuwa jiwe. Kwa nini anga lilikubali na nyasi zikakataa?

Mwandishi: Marahaba. Umeuliza vizuri, na jambo hili nililipitia juujuu. Katika eneo la ulaini unachanganya picha mbili. Kwenye anga picha hizo karibu zinafanana, kwa hiyo mchanganyiko wake ni anga. Kwenye nyasi, unyasi wa picha ya zamani haukutani na unyasi wa picha mpya, na ukichukua nusu ya huu na nusu ya ule unapata ukungu wa kijani usio na jani hata moja. Hata chembechembe ndogo za kamera hupungua: zikichanganywa kwa nusu na nusu kutoka picha mbili zisizohusiana, nguvu yake hushuka hadi takriban asilimia 70. Kwa nyasi, kokoto au nywele, shusha sigma hadi 2 au 3, na upanuzi wako utapungua pia. Eneo lenye vurugu huficha mshono mwembamba, eneo tulivu huhitaji mshono mpana. Kwenye anga pia, ikiwa picha ina chembechembe nyingi, ziongeze kidogo juu ya sehemu mpya baada ya kuunganisha.

Fundi Rangi: Kwa heshima, naona haya ni makuu. Kwenye AUTOMATIC1111 ninaacha `Mask blur` kwenye 4 kama ilivyokuja na sijawahi kuona mzingo.

Mwandishi: `Mask blur` hulainisha tu, haipanui. Bila shaka unapaka maski kwa brashi nene inayopita nje ya kitu, na huko ndiko kupanua, ila kwa mkono. Siku utakapotumia maski iliyokatwa kwa usahihi na programu ya kutambua vitu, utarudi kwenye hatua ya 4.

Fundi Rangi: Ni kweli, ninapaka kwa brashi. Nimekuelewa.

Kivuli: Ninatumia ComfyUI. Nimeweka `FeatherMask` yenye 20 pande zote na maski haikubadilika hata kidogo.

Mwandishi: Nodi hiyo hufifisha maski kuanzia kingo za fremu, ndiyo maana inakuuliza kushoto, juu, kulia na chini. Umbo la kitu kilicho katikati hailigusi. Tumia `GrowMask` kwa kupanua, kisha `MaskToImage`, `ImageBlur` na `ImageToMask` kwa kulainisha, na umalizie kwa `ImageCompositeMasked`.

Mshona Picha: Nguzo yangu inapita pembeni kabisa mwa bega la mtu. Nikipanua pikseli 26, nusu ya bega inaingia kwenye maski.

Mwandishi: Chora maski ya pili ya mtu huyo. Panua maski ya nguzo kama kawaida, kisha toa eneo la mtu kutoka kwenye maski zote mbili, ngumu na laini. Kwenye maski laini, toa baada ya kulainisha, na ulainishe ukingo wa mtu kwa sigma 1 tu. Uchafu wa upande huo utabaki pikseli kadhaa, nao utausafisha kwa brashi ya kunakili. Hakuna namba itakayokuepusha na kazi hiyo.

Mpitanjia: Sasa anga limekuwa safi, ila chini modeli imechora nguzo nyingine fupi.

Mwandishi: Kivuli cha nguzo kimo ndani ya maski?

Mpitanjia: Hapana.

Mwandishi: Modeli inaona kivuli, inakitafutia mwenyewe. Kijumuishe kwenye hatua ya 1.

Mwanagenzi: Nyongeza ndogo kwa wenzangu: maski yangu niliihifadhi kama JPEG, na kingo zake zikapata kijivu ambacho sikukichora.

Mwandishi: Ndiyo sababu ya ule mstari wa `threshold`. Hata hivyo, hifadhi maski kama PNG, hasa ile laini, kwa kuwa hiyo huwezi kuikaza tena bila kuupoteza ulaini wake.