Jinsi ya kuchagua ukubwa wa mawe ya kinga kwenye nguzo ya daraja, hatua kwa hatua

Maji ya mto yakija kwa kasi na kuugonga uso wa nguzo, sehemu yake hupita kando na sehemu huteremka moja kwa moja hadi sakafuni. Yanayoteremka hujikunja yakigusa chini, yakawa mzunguko unaoikumbatia nguzo mbele na pande zote mbili kwa umbo la kiatu cha farasi. Mzunguko huo ndio unaochota mchanga na kuacha shimo mguuni mwa nguzo, na shimo likifika chini ya msingi, daraja linabaki halina pa kukanyaga.

Tatizo la shimo hili ni kwamba linajificha. Huwa na kina kikubwa zaidi mafuriko yakiwa kileleni, wakati hakuna mtu anayeweza kushuka kulipima. Maji yakianza kupungua, mchanga na tope linaloletwa na mto hutua humo na kulijaza. Ukienda wiki mbili baadaye unakuta sakafu iko sawa, unaandika kwamba nguzo ni salama, kumbe umesimama juu ya mchanga mwororo uliotua juzi.

Katika somo hili nitafuata nguzo moja. Takwimu ni za mfano, lakini ni za aina unayoweza kukutana nayo kwenye mto wa mchanga unaotoka vilimani na kuingia uwandani, kama Nyando inavyofanya ikifika Kano. Nguzo ina upana wa mita 1.2, urefu wa mita 8, na pua ya mviringo inayoelekea maji. Wakati wa mafuriko ya kusanifia, yaani yale ambayo daraja linasanifiwa kuyahimili, kina cha maji ni mita 4 na kasi ya wastani ya mto mzima ni mita 2.2 kwa sekunde. Nguzo imesimama mahali mto unapopinda kiasi.

Hatua ya 1: Jua mto unaweza kuchimba kiasi gani

Kabla ya kuagiza jiwe hata moja, jiulize kama msingi uko hatarini. Kwa nguzo yenye pua ya mviringo iliyolingana na mkondo, kwenye maji ya kawaida ya mito yetu, shimo la mguuni kwa kanuni inayotumika sana halizidi mara 2.4 ya upana wa nguzo. Hapa ni 2.4 × 1.2, yaani karibu mita 2.9 chini ya sakafu. Ukifungua michoro ya zamani ukakuta msingi wa kawaida, usio na paili, umekaa mita 2 chini ya sakafu, hapo una kazi.

Kumbuka kwamba mita 2.9 ni shimo la nguzo peke yake. Kama daraja limeubana mto, au sakafu yote imeshuka kwa miaka, kina cha mchimbo huo nacho kinaongezwa juu ya mita hizo 2.9.

Hatua ya 2: Tafuta kasi ya maji yanayoigonga nguzo

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia, kwa hiyo tutakaa kidogo. Kasi ya mita 2.2 tuliyonayo ni ya wastani: wingi wa maji uliogawanywa kwa eneo lote la mkato wa mto. Lakini maji ya ukingoni huenda taratibu na ya mkondo mkuu huenda mbio, na mto ukipinda, yenye mbio husukumwa upande wa nje wa kona. Nguzo haijui wastani. Inajua maji yaliyo mbele yake.

Kwa hiyo kasi ya wastani huzidishwa kwa kigezo cha mahali. Nguzo iliyo karibu na ukingo kwenye mto ulionyooka hupewa 0.9. Iliyo katikati ya mkondo mkuu kwenye kona kali hupewa hadi 1.7. Nguzo yetu iko kwenye kona ya wastani, nami nimeipa 1.3:

2.2 × 1.3 = mita 2.86 kwa sekunde.

Usikubali kuchagua namba hii ukiwa ofisini. Nenda mtoni maji yakiwa mengi, simama juu ya daraja, uangalie matawi na magugu yanayoelea yanapita upande gani na yanaipita nguzo ipi kwa kasi zaidi. Wazee wanaolima ukingoni watakuambia pia mto ulikuwa wapi kabla haujahama.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya jiwe

Fomula inayotumika sana kwa nguzo ni ile ya FHWA, mamlaka ya barabara kuu ya Marekani:

```
D50 = 0.692 (K V)^2 / [2 g (Ss - 1)]
```

D50 ni jiwe la katikati: nusu ya mzigo kwa uzito ni mawe madogo kuliko hilo, nusu ni makubwa kuliko hilo. K ni umbo la nguzo, 1.5 kwa pua ya mviringo na 1.7 kwa nguzo ya mraba. V ni kasi tuliyoipata, g ni 9.81, na Ss ni uzito wa jiwe ukilinganishwa na maji. Matale, kama yale ya Maseno na Seme, ni karibu 2.65.

K mara V ni 4.29, na mraba wake ni 18.4. Zidisha kwa 0.692 upate 12.7, kisha gawanya kwa 32.4. Jibu ni mita 0.39, tunasema 0.40. Jiwe la kipimo hicho lina uzito wa karibu kilo 140. Watu wawili hawalibebi.

Sasa rudia hesabu ileile bila kigezo cha mahali, ukitumia 2.2 peke yake. Unapata mita 0.23, jiwe la kama kilo 28, ambalo kijana mmoja anaweza kulirusha kutoka kwenye lori. Kosa la asilimia 23 kwenye kasi limepunguza uzito wa jiwe karibu mara tano. Sababu ni kwamba ukubwa hufuata mraba wa kasi, na uzito hufuata mchemraba wa ukubwa, kwa hiyo uzito unafuata kasi kwa kipeo cha sita.

Hatua ya 4: Kagua mawe kwari

Usipokee mzigo kwa kuhesabu lori tu. Chagua rundo moja, litandaze, upime mawe kwa futi ya chuma. Jiwe kubwa kabisa lisizidi mara mbili ya D50, na mzigo uwe mchanganyiko, kwani yale madogo kidogo hukamata nafasi kati ya makubwa. Kataa mawe bapa: upande mrefu ukizidi mara tatu ya upande mwembamba, maji yatalinyanyua. Chagua yenye kona, si ya duara ya mtoni, maana ya duara hubingirika. Gonga kwa nyundo pia. Lenye nyufa au lililooza kwa hali ya hewa litapasuka likiwa majini, na nusu ya jiwe haina uzito uliouhesabu.

Hatua ya 5: Yalaze, usiyarundike

Chimba kwanza. Tabaka liwe na unene wa mara tatu ya D50, kwetu mita 1.2, na uso wake ulingane na sakafu ya mto. Mawe yakirundikwa juu ya sakafu yanakuwa kama nguzo pana zaidi, na mto unachimba pembezoni mwa rundo. Yakiwekwa chini ya maji pasipo mtu kuona, ongeza unene kwa nusu.

Kinga ienee mara mbili ya upana wa nguzo kila upande, yaani mita 2.4. Kwa nguzo yetu hiyo ni eneo la karibu mita 67 za mraba, mawe mita 81 za ujazo, takribani tani 130.

Chini ya mawe weka kichujio, kwa sababu mchanga wa mto hupenya kwenye nafasi za mawe na kutoka kidogo kidogo mpaka tabaka lote linazama bila jiwe hata moja kusombwa. Kwenye maji yanayotembea, mifuko ya kitambaa cha kuchuja iliyojazwa mchanga hukaa vizuri kuliko kitambaa kinachotandazwa. Kichujio kiishie theluthi mbili ya njia kutoka kwenye nguzo, hapa mita 1.6, ili mawe ya ukingoni yawe huru kushuka sakafu ikishuka pembeni.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Ahero:* Injinia, kwari iliyo karibu nasi inatoa mawe ya sentimita 20 tu. Tukiongeza unene mara mbili, si itatosha?

Hapana, ndugu yangu. Jiwe la juu linapambana na maji peke yake. Likiondoka, la chini yake linakuwa la juu. Unene unakupa akiba ya muda tu. Unaweza kuyafunga mawe hayo kwenye gabioni, yaani vizimba vya waya, ukijua waya utasuguliwa na mchanga na utahitaji kukaguliwa. Njia nyingine ni kumimina saruji kiasi kwenye tabaka, ijaze karibu nusu ya nafasi ili mawe yashikane kwa makundi. Usijaze zote. Ukijaza zote unapata bamba gumu lisiloshuka, nao mto utachimba chini yake mpaka livunjike.

*Mwanachama, Siaya:* Nguzo zetu hazijaelekea mkondo tena, mto umehama. Hesabu inabadilika?

Inabadilika sana, hasa kwa nguzo ndefu. Maji yakija kwa nyuzi 15 kwenye nguzo ya mfano wetu, upana unaoyakabili maji unatoka mita 1.2 hadi karibu 3.2. Shimo huongezeka karibu mara 1.9, na kinga nayo inaenea kutoka mita 2.4 hadi karibu 4.6.

*Mwanachama, Kisumu:* Wachota mchanga wako mita chache kutoka kwenye daraja. Mawe yakiwekwa vizuri, kuna shida?

Ipo, dada. Uchotaji unashusha sakafu nzima, na kinga iliyolazwa sambamba na sakafu inabaki ikining'inia juu. Kule Ureno, daraja la Hintze Ribeiro lilianguka tarehe 4 Machi 2001 na kuua watu 59. Uchotaji mchanga wa miaka mingi ulikuwa miongoni mwa sababu. Simamisha uchotaji kwanza, ndipo ulaze mawe.

*Mwanachama, Mumias:* Mwalimu, baada ya kuweka, tunakagua vipi bila wapiga mbizi?

Daraja la Schoharie, jimbo la New York, lilianguka tarehe 5 Aprili 1987, watu 10 wakafa. Mawe yaliwahi kuwekwa kwenye nguzo zake, mafuriko ya awali yakayasomba, na hayakurudishwa ipasavyo. Kwa hiyo pima kabla ya msimu wa mvua na baada ya kila mafuriko makubwa. Teremsha kamba yenye risasi nzito kutoka juu ya daraja, upande wa juu wa mto, kila nusu mita kuzunguka nguzo, uandike kina kutoka alama ileile ya ukingo wa daraja. Maji yakiwa kidogo, shuka na chuma cha duara cha milimita 16, ukisukume. Kikigonga jiwe mara moja, kinga ipo. Kikizama nusu mita au zaidi kwenye mchanga laini kabla ya kugonga kitu, hapo palikuwa na shimo, na mawe yako yameshuka au yameondoka.