Kabla ya Kuhamia Nyumba ya Mwajiri: Mambo ya Kuzingatia kwa Watunza Nyumba wa Malindi

Shemeji yangu alitunza nyumba ya kifahari upande wa Casuarina, hapa Malindi, kwa miaka 6 na miezi michache. Mshahara wake ulikuwa shilingi 18,000 kwa mwezi, na pamoja nao alipewa chumba na jiko nyuma ya uwanja, alikoishi na mkewe na watoto wawili. Mwezi wa Mei, masika yakiwa yamekolea na wageni wameshaondoka, wakala wa mwenye nyumba alimpigia simu akamwambia kwamba nyumba imeuzwa, mnunuzi anakuja na watu wake, naye atoke katika siku 7. Kwa simu hiyo moja alipoteza kazi na paa. Ninayoyaandika hapa ni yale ambayo tungalipaswa kuyafikiria siku alipokabidhiwa ufunguo, kwa sababu wiki ile ya mwisho karibu yote yalikuwa yamechelewa.

La kwanza ni kuelewa chumba hicho ni kitu gani kisheria. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 31, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi makazi yanayofaa kazini au karibu na kazi, au amlipe fedha za kutosha za kodi juu ya mshahara wake, isipokuwa mkataba unapounganisha fedha hizo ndani ya mshahara. Chumba cha nyuma ya uwanja, basi, si hisani ya tajiri. Ni sehemu ya malipo ya kazi. Lakini kwa kuwa ni malipo ya kazi, hufuata kazi. Sheria ya Udhibiti wa Kodi, Sura ya 296, inayowalinda baadhi ya wapangaji, haizihusu nyumba anazopewa mfanyakazi kwa ajili ya kazi yake. Kwa hiyo miaka 6 ya kulala mahali pamoja, kupanda mpapai mlangoni na kuzoeana na majirani haikumfanya shemeji yangu kuwa mpangaji.

Ndiyo maana karatasi ya mwanzo ina uzito kuliko mfanyakazi anavyodhani anapofurahia kupata kazi. Kazi itakayodumu miezi 3 au zaidi inapaswa kuwa na mkataba wa maandishi, na anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi ya maandishi ya siku 28 kabla ya kuachishwa, au alipwe badala yake. Hapo ndipo penye mtego. Mwajiri anaweza kulipa fedha za notisi leo na kukutoa kazini leo hii, na ikiwa mkataba hausemi neno kuhusu chumba, unajikuta na fedha mkononi na godoro barabarani. Kabla ya kuhamia, omba iandikwe sentensi moja tu: kwamba kazi ikimalizika kwa sababu yoyote isiyokuwa kosa kubwa, mfanyakazi na familia yake watabaki katika chumba kwa siku 30, hata kama notisi imelipwa kwa fedha. Mwajiri mwema haoni tabu kuikubali siku anayokuhitaji; siku anapouza nyumba hana sababu ya kuikubali.

Angalia pia ni nani anayekuajiri. Nyumba nyingi za ufukweni hapa Malindi wenyewe wako Ulaya, wengi wao Italia, na mtunza nyumba anamjua wakala tu. Nyumba ikiuzwa, mkataba wa kazi hauhami wenyewe kwenda kwa mnunuzi, kwa hiyo anayedaiwa haki zako ni yule aliyekuajiri, na ni lazima umjue kwa jina kamili, au jina la kampuni yake, pamoja na anwani. Pale mwajiri anaposhindwa kutoa mkataba wa maandishi mbele ya sheria, mzigo wa kukanusha masharti ya kazi unayoyadai humwangukia yeye; lakini hilo lina faida tu iwapo unaweza kumtaja. Pokea mshahara kwa M-Pesa au benki badala ya fedha za mkononi, ili kila mwezi uache alama. Shemeji yangu aliokolewa na jambo hili hasa, kwani malipo yake yalionyesha nani alituma na tangu lini.

Sasa hesabu. Kazi inapokwisha kwa kuwa haihitajiki tena, kama ilivyokuwa hapa, kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira kinadai notisi ya mwezi mmoja kwa mfanyakazi na kwa afisa wa leba, malipo ya siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka uliokamilika, na fedha za likizo ambayo haikuchukuliwa. Tukigawa mshahara wake kwa siku 30, siku moja ni shilingi 600. Miaka 6 mara siku 15 ni siku 90, yaani shilingi 54,000. Notisi ni 18,000. Siku 10 za likizo zilizobaki ni 6,000. Jumla yake ni 78,000. Alilipwa baada ya miezi 4, kwa barua na safari za afisi ya leba. Siku ile ya Mei alikuwa na shilingi 11,000, na chumba alichokipata Muyeye kilitaka kodi ya 4,500, amana ya 4,500, na gari la kubebea vitu lilitaka 2,500. Alipungukiwa shilingi 500, akakopa kwa jirani.

Funzo lililo ndani ya tarakimu hizi ni kwamba haki, hata inapopatikana, huja baada ya paa kuhitajika. Fedha za chumba kingine zitoke mahali pengine. Ninapendekeza kuhesabu kodi usiyolipa: amri za mishahara ya kima cha chini hutumia asilimia 15 kama posho ya nyumba kwa asiyepewa makazi, na kwa mshahara wa 18,000 hiyo ni 2,700. Ukiitenga kila mwezi kana kwamba unamlipa mwenye nyumba, kwa miezi 8 unakuwa na 21,600, zinazotosha kodi ya miezi 3, amana na gari kwa bei zile. Ni kweli kwamba kwa mwenye watoto shuleni kutenga hivyo ni kujinyima. Basi aanze na kodi ya mwezi mmoja na amana, zinazomwezesha kuingia mahali.

Vitu navyo vina utaratibu wake. Orodhesha vyombo, umeme wa jua, pampu, magodoro na funguo za nyumba kubwa siku unapoingia, wakala atie sahihi, nawe ubaki na nakala. Sheria inaruhusu kukata mshahara kwa mali iliyoharibika au kupotea kwa kosa lako la makusudi, na mtunza nyumba anayetoka ghafla ndiye wa kwanza kushukiwa. Vitu vyako mwenyewe, kitanda, jiko, televisheni, viandikwe kando. Vyeti vya kuzaliwa na vya shule visikae katika uwanja usiokuwa wako; viwe kwa ndugu, Barani au Maweni au popote.

Siku ya kutoka ikifika, usitie sahihi karatasi inayosema umelipwa kila kitu ikiwa hujalipwa. Andika chini yake kiasi ulichopokea, omba cheti cha utumishi, kisha kabidhi funguo mbele ya shahidi na orodha ile ile ya siku ya kwanza, na umwombe wakala aandike tarehe na saa.