Kabla hujampa msambazaji mali kauli: jinsi ya kuomba barua za wanaomuuzia na uthibitisho wa fedha zake

Tunatengeneza sabuni hapa Unga Limited, Arusha, na mwaka huu tumetafuta msambazaji wa Moshi atakayetufikishia mali Himo, Rombo na Mwanga. Aliyejitokeza ana duka la jumla jirani na soko la Mbuyuni, ghala na Kenta mbili. Aliomba mzigo wa shilingi milioni 6 kila Jumatatu, alipe baada ya siku 30. Nitaeleza tulivyomwomba ushahidi kabla ya kusaini, maana hatua mbili kati ya hizi zinakula muda mwingi usipojua zinavyokwenda.

Karatasi za kawaida sitazieleza kwa kirefu. Cheti cha usajili, TIN, leseni ya biashara na cheti cha TRA cha kutodaiwa kodi kila mfanyabiashara anavijua. Linganisha tu majina. Jina lililoko BRELA, kwenye TIN na kwenye akaunti ya benki liwe moja, herufi kwa herufi. Angalia pia kama ni jina la biashara au kampuni. Kwa jina la biashara, deni ni la mwenyewe moja kwa moja. Kwa kampuni, deni ni la kampuni, na ikifilisika nyumba ya mkurugenzi huigusi, labda awe amesaini dhamana yake binafsi. Huyu wetu alikuwa na kampuni, yeye na mdogo wake, kwa hiyo tuliwaeleza tangu mwanzo kwamba dhamana ya wote wawili itahitajika. Na cheti cha kodi kisikutulize kuhusu pesa. Kinasema amemalizana na TRA au wameelewana namna ya kulipa, basi.

Kazi yenyewe inaanzia kwa wanaomuuzia mali.

Ukimwambia mtu akuletee barua tatu, atakuletea za rafiki zake watatu, na zote zitasema ni mteja mwaminifu. Usiombe barua kwanza. Omba risiti za EFD za manunuzi yake ya miezi mitatu, zenye TIN yake upande wa mnunuzi. Zipange kwa muuzaji, uone nani anamuuzia mara nyingi na kwa kiasi gani, kisha wewe ndiye uchague wa kuwauliza. Chukua wawili wakubwa na mmoja ambaye zamani alikuwa akinunua kwake na sasa hanunui. Risiti unayoitilia shaka ikague verify.tra.go.tz kwa namba ya uhakiki iliyochapwa juu yake. Ukipiga simu, piga namba iliyo kwenye risiti ya muuzaji, siyo uliyoandikiwa na msambazaji kwenye karatasi.

Barua yako kwa hao wauzaji iwe fupi na idai namba. Ukiuliza "mnamwonaje?" utajibiwa "ni mzuri." Sisi tuliuliza hivi: mnamuuzia tangu mwaka gani, anapewa siku ngapi za kulipa, deni kubwa kuliko yote aliyowahi kuwa nalo kwenu ni kiasi gani, kwa kawaida analipa baada ya siku ngapi hasa, je, mmewahi kusimamisha mzigo au hundi yake imewahi kurudi benki. Ambatisha ruhusa ya maandishi ya msambazaji mwenyewe, kwamba anakubali waeleze habari za akaunti yake. Bila ruhusa hiyo, kampuni inayojali sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022 haitakujibu, na iko sahihi.

Mlenge mhasibu. Afisa mauzo anaishi kwa kamisheni ya mteja huyo na hatamsema vibaya. Mhasibu ndiye anayefuatilia deni kila mwezi. Na baada ya barua, piga simu, kwa kuwa watu wanasema mdomoni wasichotaka kuweka chini ya muhuri. Mama mmoja, mhasibu wa muuzaji wa mafuta ya kula, alikuwa ameandika kwamba mteja "analipa vizuri." Nilimsalimia, nikamshukuru kwa barua, nikamwomba dakika mbili za ziada.

"Analipa, mwanangu, sikudanganyi," akasema. "Ila huwa analipa akitaka gari lingine. Asipohitaji mzigo, simu haipokelewi."

Sentensi hiyo ilitufaa kuliko barua zote. Maana yake mtu huyu analipa deni la zamani ili afunguliwe deni jipya. Biashara yake ikienda vizuri hutaona tofauti yoyote. Siku mauzo yakisimama, au akipata bei nafuu kwa mwingine, anakuwa hana sababu ya kukulipa haraka.

Hatua ya pili ngumu ni benki, na hapo ndipo muda wetu mwingi ulipopotea. Benki haitakujibu wewe kuhusu mteja wake, hata ukienda na barua yenye nembo na muhuri wa kampuni yako. Lazima mteja aielekeze kwa maandishi. Msambazaji wetu aliandika, akapeleka tawini, barua ikakaa mezani bila yeyote kumwambia chochote. Tulipofuatilia tukaelezwa kwamba akaunti ile inasainiwa na watu wawili na barua ilikuwa na sahihi moja. Kwa hiyo ruhusa isainiwe na wote wanaosaini akaunti, kwa sahihi zilezile zilizoko benki, na ombeni tawi liwagongee nakala muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Maneno tuliyotumia mara ya mwisho ni haya:

"Tunairuhusu benki kuieleza kampuni iliyotajwa hapo juu tarehe akaunti yetu ilipofunguliwa, mwenendo wake kwa miezi 12 iliyopita, na kama kwa maoni ya benki tuna uwezo wa kubeba deni la shilingi milioni 30 la bidhaa. Jibu lipelekwe moja kwa moja kwa kampuni hiyo. Ruhusa hii ni ya siku 60."

Taja kiasi. Bila kiasi benki itaandika kwamba mteja "anaendesha akaunti kwa namna ya kuridhisha," maneno yanayomfaa mwenye milioni 2 na mwenye milioni 200. Ukitaja kiasi, jibu linabadilika. Kwetu waliandika kwamba kiasi hicho ni kikubwa kuliko miamala wanayoiona kwa kawaida kwenye akaunti hiyo. Mwishoni mwa barua kutakuwa na mstari kwamba benki haiwajibiki kwa hasara itakayotokea. Huo ni wa kawaida, usikutishe, lakini ujue kuwa barua hiyo ni maoni tu. Ukitaka benki ibebe hatari, hiyo ni dhamana ya benki, karatasi nyingine kabisa ambayo mteja anailipia.

Pamoja na barua, omba stetimenti ya miezi 12 kamili. Usikubali miezi mitatu, hasa ukifanya biashara Kilimanjaro. Desemba watu wanarudi nyumbani kutoka kila pembe, na maduka ya jumla ya Moshi, Himo na Rombo yanauza kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Stetimenti ya Oktoba hadi Desemba itampendezesha yeyote. Unachotaka kuona ni Februari na Machi, baada ya ada za shule, mifuko ikiwa imekauka. Ipate mikononi mwa benki, yaani benki ikutumie kwa barua pepe au uende tawini na mteja wako ichapwe ukiwa pale. Muhuri wa kuchonga ni rahisi kuupata.

Ukiisoma, acha salio la mwisho. Mtu anaweza kukopa kwa shemeji, akaweka leo, akachapisha stetimenti, akarudisha kesho. Tafuta pesa inayoingia na kutoka kwa kiasi kilekile ndani ya siku chache, na uiondoe kwenye hesabu. Tafuta makato ya mkopo ya kila mwezi, maana hayo yanalipwa kabla yako. Kisha andika pembeni jumla ya mauzo yaliyoingia kila mwezi na salio la chini kabisa la mwezi huo. Uliza pia kuhusu pesa za Lipa Namba, kwani wengine hawazipeleki benki. Ukitaka kujua madeni yake ya benki nyingine, mwombe yeye mwenyewe achukue ripoti yake ya mikopo kwa kampuni yenye leseni ya Benki Kuu, kama Creditinfo, akuletee.

Sasa hesabu, kwa huyu wa Mbuyuni. Kwenye ombi lake aliandika anahitaji mkopo wa milioni 6. Lakini mzigo wa kwanza ukitoka leo, wa pili unatoka siku ya 7, wa tatu ya 14, wa nne ya 21, wa tano ya 28. Malipo ya kwanza yanadaiwa siku ya 30. Kwa hiyo akiwa mwaminifu kabisa, siku ya 28 ana milioni 30 zetu, na ndiyo maana tuliiuliza benki kiasi hicho. Akichelewa wiki mbili tu huku magari yakiendelea, inafika milioni 42.

Upande wa pili, muuzaji wa mafuta anampa hadi milioni 10 kwa siku 14, na wa sukari milioni 8 kwa siku 21. Akijaza madeni hayo yote, anatakiwa kuwalipa karibu milioni 33 kila siku 30. Machi akaunti yake iliingiza takriban milioni 40. Zinabaki milioni 7 za mishahara, mafuta ya Kenta, kodi ya ghala, kisha sisi tunaomdai zaidi ya milioni 24. Ni kweli sabuni yetu ingeongeza mauzo, lakini yeye naye anawakopesha wenye maduka wa Rombo, na pesa hiyo hairudi kwa ratiba yetu.

Hatukumkataa. Anajua njia na wenye maduka wanamwamini. Tulimpa ukomo wa milioni 12 kwa siku 14, kiasi kinachokaribia alichowahi kubeba kwa mwingine. Gari la tatu haliondoki Arusha kabla la kwanza halijalipwa, na stoo wana orodha ya ukomo huo ili dereva asipakiwe kwa simu ya kirafiki. Akitaka zaidi, alete dhamana ya benki kwa kiasi kinachozidi. Yote hayo yameandikwa kwenye mkataba, pamoja na dhamana binafsi za ndugu wote wawili, na kifungu kinachotupa haki ya kuomba stetimenti mpya kila mwaka. Tarehe tuliyoweka ya kuiomba ni mwisho wa Machi.