Kulinganisha saa za GPS, sona na sensa ya mwendo kwenye boti ya kupima kina

Boti ikienda mita 2 kwa sekunde kutoka Dunga kuingia Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria, sona inayochelewesha kipimo kwa sekunde 0.45 itakifanya kina kionekane sentimita 90 mbele ya mahali kilipopimwa. Kichujio cha Kalman, yaani hesabu inayounganisha vipimo vya sensa mbalimbali, hakilalamiki kikipewa kipimo hicho. Hukichukulia kuwa ni cha sasa, hukichanganya na mahali pa sasa, na ramani hutoka laini kabisa huku ikiwa na makosa. Ukipita mstari uleule ukirudi, mteremko wa chini huruka upande wa pili. Hapo ndipo wengi huanza kubadilisha namba za kichujio, ilhali tatizo ni saa.

Mwongozo huu unatumia bodi ya ESP32, GPS ya u-blox NEO-M8N yenye pini ya PPS inayotoa mpigo mmoja kila sekunde, sensa ya mwendo MPU-6050, na sona inayotuma laini za NMEA 0183, maandishi ya kawaida ya vyombo vya majini, kwa kasi ya biti 4800 kwa sekunde. Waya wa sona usiuchomeke moja kwa moja kwenye ESP32, kwa sababu volti zake hazilingani na 3.3 V. Pitishia chipu ya MAX3232 inayobadilisha volti hizo.

Hatua ya 1: saa iwe moja

Kila kipimo kipigwe muhuri wa wakati kwa `esp_timer_get_time()`, ambayo huhesabu mikrosekunde tangu bodi iwashwe. Usitumie `micros()`. Hesabu yake hujaa na kurudi sifuri baada ya dakika 71 na ushee, na safari ya kupima ghuba hupita muda huo. Muhuri uonyeshe kipimo kilichukuliwa lini, si kilifika lini kwenye programu. Hatua zote zinazofuata zinatokana na kanuni hii.

Hatua ya 2: GPS ifuate mpigo wa PPS

Kila sekunde inapoanza, pini ya PPS hupanda. Laini ya RMC yenye saa na mahali huja baadaye, mara nyingi baada ya milisekunde mia moja au zaidi, na uchelewaji huo hubadilika. Kwa hiyo mahali palipo ndani ya RMC ni pa wakati wa mpigo uliotangulia. Shika mpigo kwa katizo, yaani kipande cha programu kinachoendeshwa papo hapo pini inapopanda:

```cpp
portMUX_TYPE mux = portMUX_INITIALIZER_UNLOCKED;
volatile int64_t tPps = 0;

void IRAM_ATTR onPps() {
  portENTER_CRITICAL_ISR(&mux);
  tPps = esp_timer_get_time();
  portEXIT_CRITICAL_ISR(&mux);
}
// setup()
attachInterrupt(digitalPinToInterrupt(27), onPps, RISING);
```

Unaposoma `tPps` kwenye programu kuu, funga pia kwa `portENTER_CRITICAL`. Namba ni ya biti 64 na chipu ni ya biti 32, hivyo bila kufunga unaweza kupata nusu ya zamani na nusu mpya.

Mtego uko kwenye kulinganisha mpigo na laini. Kwa kasi ya 9600, GPS hutuma herufi 960 tu kwa sekunde. Ukiacha laini zote, zile za GSV zinazoorodhesha setilaiti zikiwemo, RMC inaweza kufika baada ya mpigo mwingine, na kosa linakuwa sekunde nzima. Zima laini zote isipokuwa RMC na GGA, na uikatae RMC yoyote ambayo hali yake si `A`, yaani halali.

Hatua ya 3: sensa ya mwendo

Unganisha pini ya INT na upige muhuri ndani ya katizo, kisha usome data nje yake. Weka `SMPLRT_DIV` iwe 9 na `DLPF_CFG` iwe 3, upate vipimo 100 kwa sekunde. Kichujio cha ndani kwa mpangilio huo huchelewesha data kwa takriban milisekunde 5, basi ziondoe kwenye muhuri. Usihesabu muda kwa idadi ya vipimo, kwa kuwa saa ya ndani ya MPU-6050 hutembea kivyake.

Hatua ya 4: sona, isiyo na mpigo

Hapa ndipo penye kazi. Sona haitoi ishara ya kusema "nimepima sasa". Hupima, huchukua wastani wa vipimo kadhaa, halafu hutuma. Laini ya DBT, inayobeba kina, ya herufi 30 peke yake huchukua karibu milisekunde 63 kupita kwenye waya. Piga muhuri herufi `$` inapoingia, si laini inapokwisha, na weka `Serial2.setRxFIFOFull(1)` baada ya `begin` ili bodi isilimbikize herufi kabla ya kukupa.

Uchelewaji unaobaki uupime majini. Tafuta mteremko mkali wa chini. Pita juu yake kwa mita 1 kwa sekunde, kisha kwa mita 3 kwa sekunde, mwelekeo uleule, mara nne kila kasi. Fanya asubuhi kabla upepo wa ziwa haujaanza, na uepuke gugumaji kwa sababu mizizi yake hurudisha mwangwi kama sakafu. Mteremko ukionekana mita 0.9 mbele zaidi kwenye kasi kubwa, uchelewaji ni 0.9 ÷ (3 − 1) = sekunde 0.45. Ukitumia kwenda na kurudi, umbali kati ya antena ya GPS na kichwa cha sona utaingia kwenye hesabu, na hutaweza kuutenganisha na uchelewaji. GPS ya kawaida hukosea zaidi ya mita moja, lakini kosa hilo hubadilika polepole. Kwa hiyo pita zote ziwe karibukaribu, kasi mbili zikipishana, na uchukue thamani ya kati.

Hatua ya 5: foleni kabla ya kichujio

Tuseme `$` ya kina cha mita 4.2 imeingia kwenye mikrosekunde 73,812,400. Toa 450,000, upate 73,362,400. Mipigo miwili ya GPS inayokizunguka ni 73,104,950 na 74,104,968. Sehemu yake ni 257,450 ÷ 1,000,018, yaani 0.257. Kama boti ilisogea mita 2 kati ya mipigo hiyo, kina hicho kilipimwa sentimita 51 baada ya mahali pa kwanza. Kwa muhuri wa kufika kingewekwa kwenye sentimita 141.

Angalia kwamba mpigo wa pili ulikuwa haujatokea kina kilipofika. Ndiyo maana vipimo vyote vikae kwenye foleni iliyopangwa kwa muhuri, na kichujio kipewe tu vilivyotimiza sekunde 1.5. Kipimo kikija na muhuri wa nyuma kuliko kilichokwisha kutumika, kitupe na ukihesabu. Hesabu hiyo ikipanda, foleni ni fupi au kuna kitu kinazuia programu. Kwa ramani, kusubiri huku hakudhuru. Kwa usukani wa kujiendesha hakufai. Huko itabidi kichujio kihifadhi hali zake za nyuma, kirudi hadi muhuri wa kipimo, kisha kipige hesabu upya hadi sasa.

Kukagua

Chora tofauti za mihuri inayofuatana ya sona. Ikiwa hutuma kila sekunde na unaona milisekunde 1000, 1000, 1140, 860, basi laini moja ilisomwa kwa kuchelewa na inayofuata kwa wakati wake. Sona haina kosa. Mara nyingi ni uandishi wa kadi ya SD unaosimamisha programu, na dawa ni kuuhamishia kwenye kazi yake yenyewe, yenye kipaumbele cha chini. Uchelewaji usiobadilika huondolewa kwa kutoa namba moja, lakini huu unaorukaruka hauna namba ya kutoa.

Ukibadilisha mpangilio wa wastani kwenye sona, ile 0.45 haifai tena. Rudia jaribio la kasi mbili.