Swali la kujaribu nadharia tete limekuja bila n, bila wastani, bila alfa: unaanzia wapi

Kila ukikaribia mtihani magrupu ya wasapu ya wanafunzi wa Unguja na Pemba yanajaa maswali ya takwimu ambayo nusu yake haipo, mtu anatuma "naomba msaada wa hili" ukilisoma unakuta wanataka ujaribu nadharia tete lakini ukubwa wa sampuli haupo, wastani haupo na alfa haipo. Alafu wanaomjibu wanajaza wenyewe, n wanaweka 30, alfa wanaweka 0.05, jibu linatoka na watu wanashukuru. Mimi nafundisha hesabu hizi na hili linaniuma kweli, mana jibu lile ni la swali jengine kabisa. Leo nachukua swali moja tu nipite nalo hatua kwa hatua. Namba zake ni za mazoezi, msizichukue kama takwimu za mwani wetu.

Swali linavofika kwenye simu:

"Mtafiti alilinganisha uzito wa mwani mbichi kwa kamba baina ya mashamba ya maji madogo na mashamba ya kina kirefu huko Paje. Sampuli ya kamba   za maji madogo ilikuwa na wastani wa   na mkengeuko sanifu wa kilo 0.6. Sampuli ya kamba   za kina kirefu ilikuwa na wastani wa   na mkengeuko sanifu wa kilo 0.8. Kwa kiwango cha   jaribu kama wastani wa mavuno unatofautiana."

Hatua ya 1: angalia mapengo yapo wapi

Soma pole pole. "Wastani wa   na", "kwa kiwango cha   jaribu", sentensi imekatika katikati lakini imeendelea. Hiyo ni dalili kwamba mwalimu aliandika, ila vitu vimeanguka njiani. Mara nyingi zile alama za n, za wastani wenye kistari juu na ya alfa huwa zimeandikwa kwa kile chombo cha fomula cha kwenye Word, au zimebandikwa kama picha, sasa mtu akikopi kutoka kwenye PDF akabandika wasapu yanasafiri maneno tu. Mkengeuko sanifu umebaki kwa sababu uliandikwa kwa herufi za kawaida.

Kwa hiyo kabla ya hesabu yoyote muombe aliyetuma faili lenyewe, au apige picha ukurasa mzima na pembe zake zote, sio kukopi maandishi. Na mwambie atume vipengele VYOTE vya swali, (a) mpaka mwisho, utaona chini kwanini nang'ang'ania hapo.

Hatua ya 2: jua kila kilichokosekana kinafanya kazi gani

Hapa ndo pana utamu wake. Tuseme sampuli mbili zina kamba sawa, kila upande n. Kosa sanifu la tofauti ya wastani linakuwa hivi:

```
SE = sqrt(0.6^2/n + 0.8^2/n) = sqrt(1/n)
t  = d / SE = d * sqrt(n)
```

Herufi d ni tofauti ya wastani mbili, kina kirefu toa maji madogo. 0.36 na 0.64 zinajumlisha 1 ndo mana fomula imetoka nyepesi hivyo. Sasa tuseme d ni nusu kilo, hatuibadilishi, tunabadilisha n peke yake tuone.

Kamba 9 kila upande: t ni 1.5, na kwa digrii za uhuru 16 mpaka wa mikia miwili kwa alfa 0.05 ni 2.120, hujafika, huwezi kukataa H0. Kamba 20 kila upande: t ni 2.24, mpaka kwa digrii 38 ni 2.024, unakataa. Lakini alfa ikiwa 0.01 mpaka unapanda mpaka 2.712 na hapo hukatai tena. Weka ile 30 wanayoipenda watu: t inakuwa 2.74, mpaka wa 0.01 kwa digrii 58 ni kama 2.66, sasa unakataa hata kwa 0.01.

Umeona? Mwani ni ule ule, tofauti ni ile ile nusu kilo, mikengeuko ile ile, na hitimisho limegeuka kwa sababu mtu kajaza n kutoka kichwani. Kujaza hivyo sio kulikamilisha swali, ni kulitunga upya.

Hatua ya 3: tafuta mabaki kwenye vipengele vyengine

Tuseme yule mwenzetu katuma ukurasa mzima na kipengele (b) kinasema: "Kwa digrii za uhuru 38, masafa ya uhakika ya 95% kwa tofauti ya wastani ni kilo 0.05 hadi 0.95. Fafanua." Wengi wanakipita kile kwa sababu wanadhani ni swali jengine, kumbe vitu vyetu vimelala humo humo.

Kwanza wastani. Masafa haya yamejengwa kwa kuchukua tofauti ya wastani kisha kuongeza na kupunguza kiasi kile kile, kwa hiyo katikati yake ndo tofauti yenyewe: 0.05 jumlisha 0.95 gawa kwa 2, unapata 0.50. Wastani wa kila upande bado hujui na hutoujua kwa njia hii, inaweza kuwa 3.0 na 3.5, inaweza kuwa 5.2 na 5.7, lakini fomula ya t haiulizii wastani mmoja mmoja, inataka tofauti tu. Basi umeshapata cha kutosha.

Pili kosa sanifu. Nusu ya upana wa masafa ni 0.45, nayo ni mpaka wa t mara kosa sanifu. Mpaka kwa digrii 38 unaupata kwenye jedwali au kwenye Excel:

```
=T.INV.2T(0.05,38)
```

Inatoka 2.024. Gawa 0.45 kwa 2.024, kosa sanifu ni 0.222. Ndo hilo.

Tatu n. Kama ni sampuli mbili zilizounganishwa varians, digrii za uhuru ni n ya kwanza jumlisha n ya pili toa 2, kwa hiyo kamba zote ni 40. Ila hapa watu wanakimbilia kugawa nusu kwa nusu, ngoja kwanza. Kwa 20 na 20 kosa sanifu linatoka 0.224, linakubaliana na tulilolipata. Jaribu 25 za maji madogo na 15 za kina kirefu, linatoka 0.222, nalo linakubali! Masafa yameandikwa kwa desimali mbili tu kwa hiyo huwezi kutofautisha mgao huu na ule. Jaribu 10 na 30, linatoka 0.277, hilo ndo linakataa. Kwa hiyo usiandike "n ni 20 kila upande" kana kwamba umeisoma kwenye karatasi. Andika jumla ni 40 na mgao haujulikani, na hesabu inaendelea vizuri tu mana t inahitaji kosa sanifu na digrii za uhuru, na zote mbili unazo.

Kitu kimoja cha kuangalia hapo, na hiki kinawaangusha hata wanaojua: je kamba zile ni za mashamba tofauti au ni mkulima yule yule kapanda kamba moja huku na moja kule? Ikiwa ni jozi, digrii 38 zina maana jozi 39, na ule mkengeuko wa 0.6 na wa 0.8 haukusaidii kukagua kitu kwa sababu unahitaji mkengeuko wa zile tofauti zenyewe. Swali letu limesema sampuli mbili kila moja na mkengeuko wake, kwa hiyo tunakwenda na sampuli huru.

Hatua ya 4: piga hesabu

```
t = 0.50 / 0.222 = 2.25
=T.DIST.2T(2.25,38)
```

Thamani p inatoka kama 0.03. Tumechukua mikia miwili kwa sababu swali limesema "unatofautiana". Lingesema "kina kirefu kinatoa zaidi" ungechukua mkia mmoja na p ingekuwa nusu yake.

Hatua ya 5: alfa sasa

Alfa ni tofauti na vile vyengine viwili, mana haitoki kwenye data, ni uamuzi wa mtafiti kabla hajapima kitu. Hata ungekuwa na kamba zote mkononi ukazipima upya usingeipata. Unachoweza kuona ni dalili: masafa ya 95% kwenye kipengele (b) yanaendana na alfa 0.05 ya mikia miwili, na kwa kuwa sifuri haimo ndani ya 0.05 mpaka 0.95 hitimisho litakuwa lile lile. Ni dalili nzuri, lakini bado ni dalili, mwalimu anaweza kutaka 0.01 kwenye (a) na masafa ya 95% kwenye (b).

Njia salama ni kuandika p kwanza kisha uamuzi kwa kila alfa. Jibu lako liwe hivi:

"H0: wastani wa mashamba mawili ni sawa. H1: wastani unatofautiana. Tofauti ya wastani (0.50) na kosa sanifu (0.222) nimevipata kutoka masafa ya kipengele (b), kwa kuchukulia sampuli ni huru na varians ni sawa. t = 2.25, digrii za uhuru 38, p kama 0.03. Alfa haikuonekana kwenye swali. Kwa 0.05 nakataa H0, kwa 0.01 sikatai."

Msahihishaji akiwa na alfa yake mkononi anaona jibu lako limo, na anaona ulijua unachokifanya.

Kama hakuna mabaki kabisa

Ikiwa hakuna (b), hakuna t, hakuna p, hakuna jedwali, una ile mikengeuko miwili tu, basi namba haipatikani na usiitafute. Andika H0 na H1, taja jaribio gani linafaa, andika fomula ukiacha d na n kama herufi, weka sharti la kukataa, na uishie hapo. Alafu muulize mwalimu, ila usimwambie "swali halieleweki", mwambie kinachokosekana kwa jina:

"Mwalimu shikamoo, kwenye swali la 3 (a) kopi yetu haioneshi idadi ya kamba kwa kila sampuli, wastani wa kila sampuli, na kiwango cha alfa. Mkengeuko 0.6 na 0.8 tunaiona. Tunaomba hizo namba tano."