Tangazo linatazamwa sana lakini haliuzi: jinsi ya kupata kasoro

Tuchukulie tangazo la mtandaoni la laptopu iliyotumika, duka likiwa Luthuli Avenue, Nairobi. Kichwa chake ni "HP EliteBook Core i5, bei poa", bei Sh24,000. Kwa wiki moja limefunguliwa mara 420, limeleta jumbe 6, na hakuna aliyenunua.

1. Jua wateja wanapotelea wapi

Mtu akitafuta, kabla ya kufungua tangazo huona picha ya kwanza, kichwa na bei, basi. Kufunguliwa mara 420 kunaonyesha hivyo vitatu vinavuta. Jumbe 6 pekee zinaonyesha kwamba wengi wakiingia ndani hawakuti walichotarajia. Kama zingekuwa jumbe 60 bila mauzo, tungeacha tangazo na kuangalia jinsi maswali yanavyojibiwa, bei ya mwisho, au hali ya mashine mteja anapoishika.

Sasa soma jumbe zenyewe. Tuseme nne kati ya sita zinauliza, "Hiyo i5 ni ya kizazi gani?" Kasoro imeshajitaja.

2. Kichwa

"EliteBook Core i5" ni jina la mashine nyingi zilizopishana miaka. 840 G3, ambayo ndiyo tunayouza hapa, ina prosesa ya kizazi cha 6. 840 G5 kwa kawaida ina ya kizazi cha 8. Tofauti hiyo ina uzito, kwa sababu Microsoft inaikubali rasmi Windows 11 kwenye Intel kuanzia kizazi cha 8, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Anayetafuta G5 anaingia kwa matumaini, anakuta G3, anatoka. Huyo hakuwa mteja wako tangu mwanzo.

Andika: "HP EliteBook 840 G3, i5 kizazi cha 6, RAM 8GB, SSD 256GB". Modeli itangulie, maana kwenye simu mwisho wa kichwa hukatwa. "Bei poa" iondoe. Haimwambii mtu chochote. Idadi ya wanaofungua huenda ikashuka, na wauzaji wengi hapo hushtuka wakarudisha kichwa cha zamani. Usirudishe. Kinachohesabiwa ni jumbe kwa kila watu 100 waliofungua.

3. Bei

Tafuta matangazo kama kumi ya 840 G3 yenye RAM na SSD sawa na yako, jijini Nairobi, yaliyowekwa karibuni. Usilinganishe na kila i5. Yapange kuanzia bei ya chini hadi ya juu, kisha tazama ya katikati. Ikiwa ni Sh22,000 na wewe uko Sh24,000, Sh2,000 hizo zionekane zinalipia nini: waranti, betri nzuri, chaja halisi. Kama hakuna, punguza.

Kuweka bei ya uongo iliyo chini mno ili uvute macho, halafu kutaja nyingine kwenye simu, ni njia ya haraka ya kupata watazamaji wengi na wanunuzi sufuri.

4. Picha

Picha safi iliyotolewa mtandaoni huvuta watu, kisha huwatia wasiwasi, kwa kuwa mnunuzi wa mtumba anataka kuiona mashine hii hii. Piga picha sita wakati wa mchana, karibu na dirisha: ikiwa wazi na imewashwa, kibodi, mfuniko, pembe zenye mikwaruzo, na skrini ikionyesha Settings > System > About. Ziba Device ID na Product ID.

Ya sita iwe ya betri. Fungua Command Prompt uandike:

```
powercfg /batteryreport
```

Fungua faili itakayotajwa, utafute DESIGN CAPACITY na FULL CHARGE CAPACITY. Ikiwa ya kwanza ni 46,000 mWh na ya pili 32,200, betri imebaki na asilimia 70. Hilo lina nguvu kuliko kuandika "betri safi".

5. Maelezo

Maswali yanayojirudia kwenye jumbe ndiyo yatangulie hapa: kizazi cha prosesa, Windows ipi imewekwa, betri, kasoro zinazoonekana, kama chaja imo, waranti ya muda gani. Kisha duka liko jengo gani, na kama mteja wa mbali anaweza kukagua kabla ya kulipa kwa M-Pesa. Hili la mwisho huamua mengi, maana watu wameshatapeliwa.

6. Pima tena

Anza na kichwa peke yake, kwa kuwa ndicho kilichoshukiwa. Jumbe 6 kwa 420 ni kama moja na nusu kwa kila 100, kwa hiyo kupata mbili kwenye 100 za kwanza hakuthibitishi kitu. Subiri lifunguliwe angalau mara 300. Jumbe zikifika 12 au zaidi, kichwa ndicho kilikuwa na kasoro. Zikibaki 4 au 5, nenda kwenye bei, kisha picha.