SOMO: Rangi zimepauka kwenye skrini? Usinunue kioo kipya kabla hujasoma hapa

Wakuu, salaam. Naandika hii ili mtu akiniuliza tena nimrushie kiungo na niendelee na kazi. Swali ni lile lile kila wiki: "Nimeunganisha kompyuta na monita kwa HDMI, picha inatoka ila rangi zimepauka, nyeusi inakuwa kijivu. Kioo kimekufa?" Mara nyingi kioo ni kizima, tena kizima sana.

Nitaeleza kwa mfano wa studio moja ya picha hapa Ngamiani, Tanga. Kompyuta yao ina kadi ya NVIDIA, na skrini ni tivii ya inchi 32 iliyounganishwa kwa HDMI. Mhariri wao alikuwa anaona picha za harusi zote zimefifia, kwa hiyo akawa anaongeza kontrasti kila picha. Zikitoka kwenye karatasi, suti ya bwana harusi imekuwa doa jeusi. Huoni kola wala kifungo. Wakalaumu printa, wakabadili wino, wakabadili karatasi. Printa ilikuwa inachapa sawasawa kile ilichotumiwa.

Chanzo ni hiki. Kompyuta huhesabu mwanga wa kila rangi kuanzia 0 mpaka 255. Sifuri ni nyeusi tii, 255 ni nyeupe pe. Mambo ya tivii yana desturi yao ya zamani: nyeusi inaanzia 16 na nyeupe inaishia 235. Desturi zote mbili ni halali, mradi pande zote mbili zifuate moja. Balaa huanza kompyuta inapotuma kwa hesabu ya tivii huku skrini ikipokea kwa hesabu ya kompyuta. Skrini inaletewa 16, haijui kwamba hiyo ndiyo nyeusi, inaonyesha kijivu. Inaletewa 235, inaonyesha nyeupe iliyochafuka. Picha nzima inakaa kama khanga iliyosahauliwa juani.

Na kwa nini kompyuta itume hivyo? Kwa sababu 1920x1080 ni kipimo cha tivii. Draiva ikikutana na kipimo hicho kwenye HDMI, huenda ikadhani imeungwa kwenye tivii ya sebuleni. Ndiyo maana monita ya 1440x900 mara nyingi haipati ugonjwa huu, ukinunua kubwa zaidi ndiyo unaanza kulalamika.

Hatua ya 1: Fungua menyu ya skrini yenyewe. Bonyeza vitufe vya monita au rimoti ya tivii. Menyu hiyo inachorwa na skrini, haipiti kwenye waya. Kama nyeusi ya menyu imekolea na picha iliyo nyuma yake ni kijivu, kioo ni kizima na tatizo liko kwenye mawasiliano. Kama menyu nayo imepauka, hilo ni la mwanga au la kioo, na somo hili halikuhusu.

Hatua ya 2: Tazama waya. Ni HDMI? Endelea. Ni VGA, ule wa kichwa cha bluu wenye skrubu mbili? Ruka mpaka kwenye maswali.

Hatua ya 3: Badili upande wa kompyuta. Hakikisha draiva halisi ya kadi imewekwa, la sivyo hutaviona vitu hivi.

NVIDIA: bonyeza kulia kwenye desktopu, fungua NVIDIA Control Panel, nenda Change resolution, shuka chini, chagua Use NVIDIA color settings. Output color format iwe RGB, Output dynamic range iwe Full. Bonyeza Apply.

AMD: fungua AMD Software, sehemu ya Display, kwenye Pixel Format chagua RGB 4:4:4 Pixel Format PC Standard (Full RGB).

Intel: fungua Intel Graphics Command Center, nenda Display, tafuta Quantization Range, iwe Full.

Hatua ya 4: Upande wa skrini. SOMENI HAPA TARATIBU. Skrini nyingi nazo zina mpangilio wake wa jambo hili hili, umefichwa kwa jina lingine. Samsung huita HDMI Black Level, na Normal ndiyo ya kompyuta, Low ndiyo ya tivii. LG huita Black Level, yenye High na Low, na High ndiyo ya kompyuta. Hapa ndipo pale studio tulipoharibu. Mtu mmoja alibadili kompyuta kuwa Full, mwingine akaishika rimoti na kuweka Low, wakati ule ule. Picha ikakolea ghafla, watu wakapiga makofi. Kumbe sasa kosa limegeuka upande wa pili: kompyuta inatuma hesabu kamili, tivii inapokea kwa hesabu yake, kwa hiyo kila kitu kilicho chini ya 16 kinamezwa na nyeusi, na kila kilicho juu ya 235 kinamezwa na nyeupe. Mikunjo ya shela la bibi harusi ilipotea yote, na mhariri akaanza kupunguza kontrasti kufidia. Kosa hili ni baya kuliko la kwanza kwa sababu linapendeza macho.

Kwa hiyo: badili upande mmoja, angalia, ndipo uguse wa pili. Ukiwa na wasiwasi, usiiachie Auto. Taja wazi pande zote mbili.

Hatua ya 5: Hakiki. Fungua Paint, jaza ukurasa rangi nyeusi. Kwenye Edit colors andika 12 kwenye Red, Green na Blue, chora kisanduku juu ya nyeusi hiyo. Kisha fanya ukurasa mweupe na kisanduku cha 245. Zima taa, funga pazia, tazama. Kama visanduku vyote viwili vinaonekana kwa shida na nyeusi ni nyeusi kweli, umemaliza. Vikipotea kabisa, umeangukia kosa la hatua ya 4. Vikionekana lakini nyeusi ni kijivu, bado hujatoka hatua ya 3.

Maswali chini.

---

Kijana wa Chumbageni: Mkuu ndefu sana hii, niambie tu nibonyeze wapi.

Mwandishi: Hatua ya 3.

Kijana wa Chumbageni: Kadi gani sasa?

Mwandishi: Ya kwako, kaka. Mimi nitaijuaje?

Steshenari Makorora: Nimefuata yote, bado imepauka. Nimeweka skrinshoti hapo, angalia mwenyewe.

Mwandishi: Skrinshoti yako kwangu ni safi kabisa, na itakuwa safi kwa kila atakayeifungua. Skrinshoti inachukuliwa ndani ya kompyuta, kabla picha haijatoka kwenda kwenye waya. Kosa linatokea baada ya hapo. Piga picha kwa simu, menyu ya monita ikiwa wazi, nione nyeusi mbili pamoja.

Steshenari Makorora: Nimepiga. Menyu nyeusi, nyuma kijivu.

Mwandishi: Naona pale juu NVIDIA imeandika Use default color settings. Hukuchagua cha pili, kwa hiyo Full uliyoweka haifanyi kazi. Chagua, Apply, urudi.

Steshenari Makorora: Imekubali. Asante sana kaka, nilishatenga hela ya monita.

Mdau wa Muheza: Mnajisumbua. Nunueni HDMI ya bei, zile zenye dhahabu. Waya mbovu ndio unapausha rangi.

Mwandishi: Si kweli. HDMI inapeleka namba. Waya mbovu unaleta vidoti vinavyometameta, au skrini inazima na kuwaka, au haionyeshi kitu kabisa. Hauwezi kupunguza rangi ya picha nzima kwa ulaini hivyo. Dhahabu ni yako, ila usimuuzie mwenzio kwa sababu hiyo.

Mdau wa Muheza: Mimi niliwahi kubadili waya na ikapona.

Mwandishi: Ulihamia tundu lingine au uliweka ule wa HDMI kwenda DVI? Monita ikipokea kwenye tundu la DVI haijitambulishi kama tivii, kompyuta inatuma hesabu kamili yenyewe. Hiyo ni njia halali, na kwa mwenye monita ya zamani naipendekeza, ila sauti mara nyingi haipiti. Kilichoponya ni aina ya tundu, si bei.

Bi Studio wa Raskazone: Habari za kazi. Kwangu desktopu iko safi, picha ziko safi, visanduku vya Paint naviona. Lakini nikicheza video ya harusi ndiyo inapauka, picha za kawaida hapana. Inawezekanaje kwenye skrini ile ile?

Mwandishi: Nzuri dada, na swali hili nimelipenda. Video nyingi zimehifadhiwa kwa hesabu ya 16 mpaka 235 ndani ya faili lenyewe. Kazi ya kuzitanua mpaka 0 na 255 hufanywa wakati wa kucheza, na isipofanywa, video peke yake inabaki kijivu. Kwa NVIDIA fungua Adjust video color settings, chagua With the NVIDIA settings, kisha kichupo cha Advanced, Dynamic range iwe Full (0-255). Ukitaka uhakika, cheza faili hilo hilo kwenye programu nyingine ya video. Programu mbili zikitofautiana, wala usiguse skrini.

Bi Studio wa Raskazone: Imekaa sawa. Kwa hiyo zile nilizohariri wiki iliyopita nikiongeza kontrasti, nizirudie?

Mwandishi: Zile ulizohariri ukiitazama video iliyopauka, ndiyo, zirudie. Anza na ambazo mteja hajachukua.

Mtu wa Linuksi: Huku hakuna NVIDIA Control Panel. Intel, Xorg.

Mwandishi: Andika `xrandr` kwanza uone jina la tundu lako, kisha:

```
xrandr --output HDMI-1 --set "Broadcast RGB" "Full"
```

Badili HDMI-1 iwe jina uliloliona. Ukizima mashine inasahau, kwa hiyo iweke kwenye vitu vinavyojiwasha ukiingia.

Fundi wa Mikanjuni: Ongeza VGA mkuu, umeahidi.

Mwandishi: VGA haina ugomvi huu wa hesabu. Inapeleka umeme wa kila rangi kwenye njia yake, kwa hiyo waya mrefu mwembamba hufifisha na kuleta kivuli pembeni mwa maandishi. Fungua ukurasa mweupe, halafu kwenye menyu ya monita tafuta Auto Color au Auto Adjust. Picha nzima ikiwa ya njano, bluu haifiki. Ikiwa ya waridi, kijani haifiki. Ikiwa ya bluu ya maji, nyekundu haifiki. Hapo ni pini.

Fundi wa Mikanjuni: Na kwa hewa yetu ya chumvi pini zinaota kutu upesi. Mimi natumia spiriti na mswaki laini, mashine ikiwa imezimwa. Usikwangue kwa kisu.

Mwandishi: Na angalia kama pini imepinda kabla hujasukuma. Jamani, na wa Windows 10 na 11: kama Use HDR imewashwa kwenye skrini ya kawaida, izimeni kabla ya kuniandikia. Na draiva ikijisasisha inaweza kurudisha mpangilio wa mwanzo, mtarudia hatua ya 3.

Kijana wa Chumbageni: Mkuu nimejua, kadi yangu ni AMD.

Mwandishi: Hatua ya 3, aya ya AMD.